Sura ya Sita: Lini Uandike Barua ya Kuacha Kazi

Wengi wanaoishi kwa kamera, sauti au kalamu katika miji ya Masasi na Newala huamua kuacha ajira kati ya Novemba na Januari. Ni kipindi ambacho simu haipumziki. Korosho zimepimwa kwenye chama cha msingi, mnada umefanyika, benki imeingiza pesa kwenye akaunti za wakulima, na watu wenye pesa mkononi wanafunga ndoa, wanatoa watoto jandoni, wanafungua maduka na kutaka matangazo. Mpiga video aliyeajiriwa anajikuta akipata kwa Jumamosi mbili kiasi kinacholingana na mshahara wa mwezi mzima. Anaona ajira inamchelewesha. Anaandika barua.

Sura hii inasema kwamba hesabu iliyompa ujasiri huo ina kasoro, na inaonyesha hesabu inayopaswa kuchukua nafasi yake. Swali watu wanalojiuliza ni je, sanaa inanipa zaidi ya mshahara? Swali la kujiuliza ni hili: nikiacha kazi mwezi huu, nina akiba ya kunifikisha kwenye msimu ujao, hata msimu wenyewe ukiharibika? Maswali hayo mawili hutoa majibu tofauti kwa mtu yuleyule mwenye kipato kilekile.

Wastani unavyodanganya

Tuchukue mfano. Huu ni wa kutunga, ila umejengwa kwa namna pesa inavyotembea katika mji unaotegemea korosho. Mtu wetu anakaa Lisekese, ana mke na watoto wawili, na ni keshia katika kampuni binafsi mjini Masasi. Mshahara unaomfikia mkononi ni shilingi 480,000 kwa mwezi. Jioni na siku za mapumziko anapiga video za harusi na sherehe, anatengeneza matangazo mafupi ya maduka, na ana chaneli ya YouTube ya ngoma na simulizi za wazee.

Kwa mwaka mzima ameandika katika daftari kila shilingi iliyoingia kutokana na kazi hizo, baada ya kumlipa msaidizi na nauli. Januari alipata 700,000. Februari ikashuka hadi 200,000, Machi na Aprili 150,000 kila mwezi, Mei 200,000. Juni ilipanda hadi 600,000, Julai 550,000, Agosti 500,000 na Septemba 550,000. Oktoba ilimpa 900,000, Novemba 1,500,000 na Desemba 1,800,000. Jumla ya mwaka ni 7,800,000, sawa na wastani wa 650,000 kwa mwezi. Ukiuweka wastani huo kando ya mshahara wa 480,000, uamuzi unaonekana kujileta wenyewe.

Sasa tazama matumizi. Akiwa mwajiriwa, nyumba yake inakula 450,000 kwa mwezi: chakula, kodi ya nyumba, umeme na mkaa, shule, nauli, simu, wazazi na michango. Akiacha kazi, mchango wa mwajiri wake katika bima ya afya na NSSF unakoma, kwa hiyo anatenga 50,000 nyingine kwa ajili ya bima na uanachama wa hiari. Nyumba inafika 500,000. Kazi yenyewe nayo inakula: bando la kupandisha video, pesa ya kuweka kando kwa ajili ya kamera itakayochoka, kodi na vibali. Hizo ni 130,000. Jumla anahitaji 630,000 kila mwezi, yaani 7,560,000 kwa mwaka.

Kwa mwaka mzima anabakiwa na 240,000 tu. Hilo peke yake lingetosha kumfanya asite, lakini tatizo kubwa liko kwenye mpangilio wa miezi. Kuanzia Februari hadi Septemba kazi yake inamwingizia 2,900,000, na mahitaji ya miezi hiyo minane ni 5,040,000. Pengo ni 2,140,000. Oktoba hadi Januari anapata ziada ya 2,380,000 inayoziba pengo hilo. Wastani wa 650,000 haukuonekana katika mwezi wowote wa mwaka huo. Hakuna mwenye duka Mkuti atakayekubali alipwe kwa wastani.

Tarehe ina bei yake

Kutokana na hesabu hiyo, mtu huyu akiacha kazi mwishoni mwa Januari, simu ikiwa bado ina joto la sherehe, anaingia moja kwa moja kwenye miezi minane ya upungufu. Anahitaji 2,140,000 mkononi ili tu aione Oktoba. Akiacha mwishoni mwa Septemba, mwezi wake wa kwanza bila mshahara unamletea ziada, na anakwenda hivyo hadi Januari. Kipato ni kilekile, matumizi ni yaleyale, lakini tarehe ya barua imebadilisha akiba anayoihitaji kwa zaidi ya milioni mbili.

Kwa anayeishi kwa pesa ya korosho, basi, wakati mzuri wa kuondoka ni kabla ya msimu, na wakati mbaya kuliko wote ni baada tu ya msimu. Ugumu ni kwamba moyo unataka kinyume chake. Septemba mtu anakuwa amechoka, pesa imepungua, na mshahara unaonekana ndio mkombozi. Januari anajiona tajiri. Ndiyo sababu tarehe inafaa ichaguliwe mapema, kwenye karatasi, kabla ya msimu kuanza kusema.

Katika ajira binafsi nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, labda mkataba uwe umetaja muda mrefu zaidi. Anayetaka kuwa huru tarehe 1 Oktoba anapeleka barua mwishoni mwa Agosti. Asiondoke bila kulipwa siku za likizo alizolimbikiza na bila kuchukua cheti cha utumishi, kwa maana anaweza kukihitaji siku ya kutafuta kazi tena.

Msimu ukiharibika

Kupanga tarehe vizuri hakutoshi, kwa sababu msimu wenyewe hauna dhamana. Kila mtu wa Kusini anaukumbuka msimu wa 2018/2019. Mnamo Oktoba 2018 wakulima walizikataa bei zilizotolewa na wanunuzi mnadani. Tarehe 12 Novemba 2018 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaingia kuzisomba. Bei ilikuwa nzuri. Lakini uhakiki wa wakulima ulichukua muda, na wengi walilipwa miezi mingi baadaye. Desemba ile ambayo mji huzoea kuiona ikichangamka ilipita watu wakisubiri.

Kwa mpiga video, mwaka kama huo hauonekani katika daftari kama sifuri. Unaonekana kama harusi zilizoahirishwa, matangazo yaliyofutwa, na wateja waliolipa nusu na kuahidi nyingine pesa ikitoka. Kwa hiyo hesabu ya akiba ifanywe kwa msimu mbaya, na mzuri uachwe uwe bahati.

Turudi kwa mtu wetu wa Lisekese. Tuseme ameondoka mwishoni mwa Septemba, na kipato cha Oktoba hadi Januari kimekuwa nusu ya mwaka uliopita. Badala ya 4,900,000 anapata 2,450,000. Mahitaji ya miezi hiyo minne ni 2,520,000, kwa hiyo ziada yote imeyeyuka na amepungukiwa 70,000. Miezi inayofuata nayo inaumia, maana pesa ambayo haikuingia Novemba haiwezi kutumika Juni. Tuipunguze kwa robo: badala ya 2,900,000 anapata 2,175,000, na pengo la miezi minane linakuwa 2,865,000. Jumla ya upungufu kwa mwaka ni 2,935,000. Ongeza 600,000 kwa ajili ya lenzi iliyovunjika au mtoto aliyelazwa, kwa kuwa mambo hayo hayasubiri mwaka mzuri. Anahitaji 3,535,000.

Kiasi hicho ni kama mahitaji ya miezi mitano na nusu. Umewahi kusikia kwamba mtu awe na akiba ya miezi sita kabla ya kuacha kazi, na kwa mfano huu ushauri huo unakaribia ukweli. Lakini ulikaribia kwa sababu tumeondoka Septemba. Mtu huyohuyo akiondoka mwishoni mwa Januari, na miezi minane ikawa mibaya hivyo na msimu unaofuata ukaharibika, anaanza msimu huo akiwa amekwisha kula karibu akiba yote, na hana kitu cha kumvusha kwenye Februari ya pili. Ndiyo maana usichukue idadi ya miezi kutoka kwa mtu mwingine. Fanya hesabu ya mwezi kwa mwezi kwa daftari lako mwenyewe.

Pesa ambazo si akiba

Watu huongeza kwenye akiba pesa ambazo hazitapatikana siku ya haja. Ya kwanza ni NSSF. Fao la kutokuwa na ajira limewekwa kwa ajili ya mtu aliyepoteza kazi bila kutaka. Anayejiuzulu mwenyewe hana haki nalo. Michango yako haijapotea, inaendelea kuhesabika kuelekea pensheni, ambayo masharti yake ni pamoja na kufikisha miezi 180 ya kuchangia. Lakini huwezi kuila Machi. Kiinua mgongo cha siku saba za mshahara kwa kila mwaka wa kazi nacho hulipwa pale mwajiri anapovunja mkataba; anayeandika barua mwenyewe asikitie kwenye hesabu.

Ya pili ni pesa ya kikundi. Hisa za VICOBA hugawanywa mwisho wa mzunguko. Kama mzunguko wenu unavunjwa Desemba, pesa hiyo haikusaidii Aprili isipokuwa kwa mkopo wenye riba. Kikundi ni kizuri, lakini akiba ya kuachia kazi ikae mahali unapoweza kuitoa ndani ya siku chache: akaunti ya benki isiyo na kadi mfukoni, au mfuko kama ule wa Ukwasi wa UTT AMIS.

Ya tatu ni ahadi. Andika katika daftari pesa iliyoingia, usiandike bei mliyokubaliana. Na pesa ya YouTube iandikwe mwezi inapofika benki. Mapato ya Novemba hulipwa kati ya tarehe 21 na 26 Desemba, na hayalipwi kabisa mpaka salio lifike dola 100. Kabla ya hapo yanalimbikizwa. Chaneli ndogo inaweza kukaa miezi mitatu ikionyesha pesa kwenye skrini bila hata senti moja kuingia kwenye akaunti. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka zuio la kodi la asilimia 5 kwenye malipo yanayofanywa hapa nchini kwa watengeneza maudhui ya kidijitali. Kampuni ikikupa mkataba wa 400,000, hesabu 380,000.

Hata hivyo, shilingi ya YouTube au ya mteja wa Dar es Salaam ina thamani ambayo shilingi ya harusi haina: haifuati korosho. Watu wetu walioko Muscat au Dar wanatazama ngoma za kwao Machi kama wanavyozitazama Novemba. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, tenganisha daftari katika safu mbili, pesa inayotoka mifukoni mwa wakulima na pesa inayotoka nje ya mzunguko wao. Kila 100,000 ya safu ya pili inayoingia kila mwezi inapunguza pengo la Februari hadi Septemba kwa 800,000. Mtu mwenye kipato kidogo chenye safu ya pili nene anaweza kuondoka salama kuliko mwenye kipato kikubwa cha Desemba.

Jaribio la miezi ya njaa

Karatasi inaweza kukosea. Kuna namna ya kuijaribu kabla ya kuchoma daraja. Kuanzia Februari hadi Septemba, ukiwa bado kazini, mshahara wote uingie kwenye akiba bila kuguswa. Nyumba iendeshwe kwa pesa ya sanaa na ziada uliyoweka kutoka msimu uliopita. Ndivyo utakavyoishi ukiacha, isipokuwa tu kwamba kuna wavu chini yako.

Jaribio hili linatoa majibu mawili. Kwanza linaonyesha kama familia inaweza kuishi kwa 500,000 ulizoandika, au kama kuna michango, misiba na ada ulizosahau. Pili linajenga akiba. Miezi minane ya mshahara wa 480,000 ni 3,840,000, ambayo inazidi kidogo 3,535,000 tulizokokotoa. Mtu aliyelimaliza jaribio bila kugusa mshahara anafika Septemba akiwa na uthibitisho na pesa pamoja. Aliyelazimika kuchota asikate tamaa, ila aahirishe barua kwa mwaka mmoja. Kwa mtu wa korosho uahirisho ni wa mwaka, maana akikosa Septemba, nafasi nzuri inayofuata ni Septemba nyingine.

Wengine huogopa kwamba kubaki kazini kunaua kipaji. Hapo mfano wa George Lilanga, msanii wa Kimakonde aliyezaliwa mwaka 1934 wilayani Masasi, unafaa kuangaliwa. Alipofika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, alimsaidia kupata kazi Nyumba ya Sanaa. Kazi aliyopewa ilikuwa ya ulinzi. Kwa msaada wa Sista Jean Pruitt, mmoja wa waanzilishi wa kituo hicho, kazi zake zikapata wanunuzi, na mwaka 1978 zilionyeshwa Washington. Alipofariki mwaka 2005 alikuwa miongoni mwa wasanii wa Tanzania wanaojulikana zaidi duniani. Ajira ile ilimweka mlangoni mwa mahali ambapo sanaa ilitengenezwa na kuuzwa. Kabla ya kuuliza lini uache kazi, uliza kama kuna kazi nyingine inayokuachia saa za kutengeneza. Mara nyingi kubadilisha zamu ya keshia kuwa ya nusu siku kunanunua muda uleule ambao ungenunuliwa kwa kuacha kabisa.

Mstari wa kurudi

Siku unayoandika barua, andika pia kiwango cha akiba ambacho ukikifikia utaanza kutafuta kazi. Kwa mtu wetu, miezi mitatu ya mahitaji, yaani 1,890,000, ni kiwango kizuri, kwa sababu kupata ajira mjini Masasi kunachukua miezi. Kwenye ule mwaka mbaya tuliouchora, alianza na 3,535,000, akafika mwisho wa Januari na 3,465,000, na akiba yake ingevuka mstari huo ndani ya Mei. Akianza kuulizia kazi mwezi Mei, bado ana pesa ya kukataa kazi mbovu. Akisubiri hadi Septemba, ana zile 600,000 za dharura peke yake, na atachukua chochote.

Dalili huonekana hata kabla ya akiba kufika hapo. Watu wa Kusini wanajua kangomba: mkulima mwenye shida anauza korosho zikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika mavuno si yake. Mtengeneza maudhui naye hufanya hivyo anapochukua Machi malipo yote ya harusi ya Desemba kwa nusu bei ili alipe kodi ya nyumba. Malipo ya awali ya kuhifadhi tarehe ni biashara ya kawaida. Lakini ukiona umeanza kupunguza bei ili ulipwe sasa, jua unakula msimu ujao, na pengo la mwaka ujao tayari limeongezeka. Dalili nyingine ni kuacha kutenga pesa ya kamera. Mwezi mmoja unasameheka. Miezi mitatu mfululizo inamaanisha kwamba kazi haijilipi.

Ili dalili hizi zionekane, pesa yote ya kazi iingie kwenye akaunti moja, na wewe ujilipe 500,000 tarehe ileile kila mwezi, Desemba kama Machi. Anayejilipa 1,500,000 Desemba kwa sababu ipo atakuwa ametumia Desemba, Februari na Machi kwa pamoja.

Basi fungua daftari leo, hata kama huna nia ya kuacha kazi mwaka huu. Andika kila kinachoingia kwa mwezi kinapoingia, chora pengo la Februari hadi Septemba, lihesabu upya kwa msimu wa nusu, kisha anza jaribio Februari inayokuja. Septemba itakapofika ukiwa na akiba kamili ambayo hukuigusa, andika barua bila woga. Isipokuwepo, baki kazini. Hesabu itakuwa imekuokoa na mwaka mgumu ambao familia yako ingelipa pamoja nawe.